Barua ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufuga mbwa mdogo

*"Napanga flati ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, Sinza. Jengo lina flati sita, na mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu, anakaa chini na familia yake. Nimekaa mwaka na nusu bila ugomvi. Nataka kuchukua mtoto wa mbwa wa aina ndogo, jike, ana miezi mitatu. Mimi narudi kazini saa kumi na mbili jioni, lakini mdogo wangu anasoma chuo na siku nyingi mchana yupo. Mkataba hausemi lolote kuhusu wanyama. Dalali ananiambia nimlete tu, mzee akishamwona atazoea. Mimi naona bora niandike barua. Niandike nini ili asinikatalie? Na akinyamaza, nihesabu amekubali?"*

Andika barua, ndugu yangu, na mbwa asiingie getini kabla hujapata jibu la maandishi. Nasimamia nyumba za kupanga hapa Dar es Salaam kwa niaba ya wenye nyumba, kwa hiyo barua kama yako huwa naisoma nikiwa upande wa pili wa meza. Nitakueleza mzee anaangalia nini akishaifungua.

Tuanze na dalali. Yeye alishachukua udalali wake siku ulipoingia, na jina lake halimo katika mkataba kama mtu anayebanwa na chochote. Ushauri wake ukiharibika, anayehama ni wewe. Mbwa akiletwa kimyakimya, mzee atapata habari kwa kusikia mlio wake usiku au kwa jirani aliyekuja kulalamika. Kuanzia hapo mazungumzo hayatakuwa juu ya mbwa tena, yatakuwa juu ya kwamba ulimficha. Wala hahitaji kukufukuza. Mikataba yetu mingi ni ya miezi sita au mwaka, na mwenye nyumba aliyekasirika husubiri tu iishe, kisha anakwambia mwanawe anarudi na anaihitaji flati. Hakuna baraza litakalomlazimisha akuongezee muda.

Kuhusu mkataba usiotaja wanyama, wapangaji wengi huona hiyo ni ruhusa. Usome tena polepole. Karibu kila mkataba wa pango una kifungu kwamba mpangaji hatakuwa kero kwa majirani, kingine kwamba atairudisha nyumba katika hali aliyoikuta, na mara nyingi kingine kwamba nyumba ni kwa makazi ya watu waliotajwa. Mbwa anayebweka anagusa cha kwanza, na mkojo uliozama sakafuni unagusa cha pili. Isitoshe, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mwenye nyumba wajibu wa kumwacha mpangaji akae katika nyumba yake kwa utulivu. Wajibu huo anao kwa wale wapangaji wengine watano pia, siyo kwako peke yako. Hakuna sheria ya Tanzania inayompa mpangaji haki ya kufuga mbwa katika nyumba ya mtu. Kwa hiyo unachoomba ni hisani. Ila hisani ikishaandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili, inakuwa sehemu ya makubaliano yenu.

Na ukimya wa mzee usiuhesabu kuwa ndiyo. Mzee anayenyamaza kwa kawaida anamaanisha mojawapo ya mambo mawili: hataki kukukatalia usoni, au anasubiri kuzungumza na mkewe na wanawe. Hata akikwambia kwa mdomo "haya, mlete," bado omba iandikwe. Nyumba nyingi za aina hiyo ni mali ya familia. Mzee akifariki, msimamizi wa mirathi atakuja na daftari kuuliza nani anakaa wapi na kwa masharti gani, na neno la marehemu ulilolisikia peke yako halitakusaidia.

Sasa, anachohofia. Wapangaji hudhani mwenye nyumba anawaza kuchafuliwa ukuta, ndiyo maana barua nyingi hujaa ahadi ya kulipa uharibifu. Fanya hesabu kwa macho yake. Tuseme kila flati inalipa laki tano kwa mwezi. Jirani yako wa mlango wa pili akihama kwa sababu ya mbwa, na flati ikakaa tupu miezi miwili kabla ya kupata mtu, mzee amepoteza milioni moja. Hata ukiweka amana ya laki mbili na nusu, haizibi pengo hilo, na yeye analijua hilo kabla hujamaliza sentensi. Anachopima ni majirani watano, wewe ukiwa mmoja. Barua inayozungumzia mbwa tu na isiwataje majirani inaacha nje jambo linalomkosesha usingizi.

Jambo la pili ni dini, na hapa naomba uwe makini. Waislamu wengi wa nchi yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito: alichokigusa na unyevu wake, hasa mate, huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Usijaribu kumjadili mzee kuhusu hilo, wala usimletee hoja kwamba madhehebu mengine yanasema tofauti. Wewe shika kitu kimoja ambacho yeye mwenyewe anakijua: kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Tatizo liko kwenye unyevu. Mbwa aliyetoka kuoga akajikung'uta ngazini, mbwa anayelamba viatu vilivyoachwa mlangoni, mbwa anayekunywa maji kwenye ndoo chini ya bomba la uani, hao ndio watakaomfanya mzee aoshe kibaraza chake mara saba kabla ya kwenda kuswali alfajiri. Kwa hiyo sentensi yenye uzito kuliko zote katika barua yako itakuwa hii: mbwa atabebwa mikononi kutoka mlangoni kwako mpaka nje ya geti, na hataogeshwa wala kunyweshwa maji uani. Mbwa wa kilo tano au sita anabebeka. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya udogo wake, na ni faida ambayo waandishi wengi wa barua hawaitumii.

Maana udogo wenyewe haumaanishi usumbufu mdogo. Mbwa wa aina ndogo wengi hubweka kwa wepesi kuliko wakubwa, kwa sauti nyembamba inayopenya ukuta wa tofali la inchi sita. Mbwa hubweka zaidi akiachwa peke yake, na mara nyingi kelele huanza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya mlango kufungwa. Mwenyewe hutazisikia, kwa sababu umeondoka. Wakati huo jirani ndiye anayesikia, na ukirudi jioni mbwa amelala, unashangaa jirani anakulalamikia nini. Una bahati kwamba mdogo wako yupo mchana, na hilo liandike kwa saa zake. Siku ambazo wote mnatoka, acha simu ya zamani inarekodi sauti ndani, mrudi msikilize. Akibweka dakika mbili na kutulia, hiyo kawaida. Akiendelea kwa nusu saa huku akikwaruza mlango, hiyo ni hofu ya kuachwa, na haitibiwi kwa kupigwa wala kufungiwa kwenye roshani. Anazoezwa kuachwa kidogokidogo: dakika moja, tano, kumi, kwa wiki kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo wewe hukuligusa na mzee huenda akaliuliza, kwa kuwa umesema ni jike. Kuanzia miezi sita hivi, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, jike huingia joto kwa wiki tatu au karibu na hapo. Madume ya mtaani yatamnusa toka mbali, yatakusanyika getini usiku na kupigana. Watoto wa mzee hawataweza kutoka kwenda shule bila kupita katikati ya mbwa wasiojulikana wamechanjwa au la. Ahidi kumfunga kizazi, na uandike kwamba daktari wa mifugo ndiye atakayepanga umri wa upasuaji. Ahadi hiyo moja inaonyesha kwamba umeliwaza jambo hili mpaka mwisho wake.

Halafu chanjo. Hofu ya kichaa cha mbwa ni ya haki kabisa, ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na kinga hujengeka kwa wiki tatu hadi nne baada ya sindano. Mbwa wako ndiyo kwanza amefika umri huo. Ushauri wangu ni kwamba mwombe anayekupa amshike mwezi mmoja zaidi: achanjwe huko, wewe uchukue cheti, na aingie kwako akiwa na miezi minne. Mwezi huo huo ndio utakaoutumia kuzungumza na mzee. Pia utapunguza shida ya mkojo, kwa sababu mtoto wa miezi mitatu hawezi kuubana zaidi ya saa tatu au nne.

Na huo mkojo ndio unaoharibu nyumba, kuliko kucha. Juu ya marumaru unafutika, lakini katika zile nafasi za katikati zilizojazwa saruji unazama, na siku za mvua harufu inarudi. Usimwagie jiki palepale kabla ya kuufuta, maana mkojo una amonia na mchanganyiko wake hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Futa kwanza kwa kitambaa, suuza kwa maji, kisha tumia dawa yenye vimeng'enya, ambayo inavunjavunja kile kinachonuka. Harufu ikibaki, hata kama wewe huisikii, mbwa ataisikia na atarudi kukojoa pale pale.

Sasa barua. Iwe ukurasa mmoja. Nimeiandika kwa hali yako, ujaze majina na tarehe.

---

Flati Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Sinza, Dar es Salaam.
Tarehe: ................

Mzee ................,
Mwenye Nyumba,
Sinza.

YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KUFUGA MBWA MMOJA MDOGO, FLATI NA. 4

Shikamoo Mzee.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako tangu ................. Naomba ruhusa yako ya kufuga mbwa mmoja wa aina ndogo katika flati ninayokaa. Mbwa huyo bado hajaletwa, na sitamleta kabla hujanijibu.

Ni jike wa miezi mitatu. Mama yake ana kilo sita, na yeye akikua anatarajiwa kuwa na uzito kama huo. Atachanjwa kichaa cha mbwa mwezi huu na ataingia nyumbani mwezi mmoja baada ya chanjo, nami nitakuletea nakala ya cheti. Chanjo itarudiwa kila mwaka. Atafungwa kizazi katika umri ambao daktari wa mifugo ataelekeza, ili asivute mbwa wengine getini.

Mbwa atakaa ndani ya flati yangu. Akitoka au kuingia atabebwa mikononi kutoka mlangoni kwangu mpaka nje ya geti. Hatatembea ngazini, kibarazani wala uani, hataogeshwa nje, na hatatumia bomba wala ndoo za pamoja. Uchafu wake utafungwa katika mfuko na kutupwa pamoja na taka zangu siku ya gari la taka.

Mchana mdogo wangu yupo nyumbani siku za ................. Siku nyingine mbwa hataachwa peke yake zaidi ya saa nne. Majirani wote watakuwa na namba yangu ya simu, na yeyote akisumbuliwa na kelele anipigie mimi kabla hajakusumbua wewe.

Naomba ruhusa iwe ya majaribio ya miezi mitatu. Katika muda huo, wewe au jirani akiwa na malalamiko, naomba uniambie kwa maandishi unipe siku 14 za kurekebisha. Isiporekebishika, nitamwondoa mbwa ndani ya siku 14 nyingine, bila mkataba wangu wa pango kuguswa.

Nitaweka amana ya ziada ya Sh. 250,000 kwa ajili ya uharibifu wowote utakaosababishwa na mbwa. Naomba tukague flati pamoja na kupiga picha kabla hajaingia. Siku nitakapohama tutalinganisha na picha hizo, gharama ya matengenezo itakatwa humo na kinachobaki kitarudishwa kwangu. Uharibifu ukizidi amana, nitalipa tofauti.

Kama kuna sharti jingine ungependa niongeze, niko tayari kulisikiliza. Nitashukuru nikipata jibu lako kabla ya tarehe .................

Wako katika pango,

................ (saini, jina na namba ya simu)

---

Sentensi ya kwamba mbwa bado hajaletwa imewekwa juu kwa makusudi, kwa sababu inampa mzee uhuru wa kukataa bila kumtupa mnyama barabarani, na mtu aliyeachiwa uhuru huo huwa mwepesi wa kukubali. Uzito umetajwa wa mama, kwa kuwa kila mtoto wa mbwa ni mdogo na wenye nyumba wengi wameshaahidiwa mbwa mdogo wakaja kuona mkubwa. Kama hujamwona mama yake, usiandike kilo yoyote, nenda ukamwone.

Miezi mitatu ya majaribio ndiyo kiini cha barua. Mzee anaogopa kusema ndiyo ambayo hataweza kuirudisha. Ukimpa mlango wa kutokea, ulioandikwa na wenye tarehe, hofu hiyo inapungua sana. Lakini mlango huo ni wa kweli, na lazima uamue leo mbwa ataenda wapi ukitumika. Kama huna ndugu au rafiki mwenye uwanja atakayempokea, usiandike aya hiyo, na kwa kweli usimchukue mbwa. Maneno "bila mkataba wangu kuguswa" yanakulinda wewe: yanatenganisha kuondoka kwa mbwa na kuondoka kwako.

Kuhusu pesa, wenye nyumba wengine watapendelea kuongeza kodi, tuseme elfu ishirini na tano kwa mwezi, badala ya amana. Kwa miezi kumi jumla ni ile ile laki mbili na nusu, lakini kodi hairudi, na mwaka wa pili unaendelea kuilipa. Chagua amana, na uombe risiti inayosema ni ya nini. Kuna jambo nitakwambia wazi: amana nyingi hapa mjini hazirudi kwa urahisi, kwa sababu hakuna aliyeandika hali ya nyumba ilivyokuwa. Ndiyo maana ya zile picha. Usipige sebule kwa mbali. Piga sehemu ya chini ya kila mlango, pembe za kuta, miguu ya makabati ya jikoni, na marumaru karibu na mlango wa bafu, zote zikiwa na tarehe, kisha umtumie mzee kwa simu siku hiyo hiyo ili zibaki kwenu wote wawili.

Barua usiipitishe chini ya mlango. Mnakaa jengo moja, na mzee akikuta karatasi yenye "YAH" bila kuambiwa neno, atadhani unamshitaki. Nenda mwenyewe, siyo kwenye muda wa swala, labda Jumamosi asubuhi. Salamu kwanza, habari za nyumbani, kisha mweleze kwa sentensi tatu na umwachie karatasi akaisome na wenzake. Chukua nakala mbili, na katika yako mwombe aandike "nimepokea" na tarehe. Usiende na mbwa, hata picha yake usiitoe mpaka akuulize. Kabla ya hapo pita kwa jirani wa mlango unaokutazama na wa flati iliyo chini yako, uwaulize kama wana mtoto anayeogopa mbwa au mtu mwenye pumu. Mzee atawauliza hao hao, na ni vizuri wasiposhtuka.

Akikubali kwa ujumbe wa simu, uhifadhi, kwa kuwa unaweza kutumika kama ushahidi, lakini bado muandike nyongeza ya mkataba. Inatosha aya moja: "Nyongeza ya mkataba wa pango wa tarehe fulani. Mwenye nyumba anamruhusu mpangaji wa Flati Na. 4 kufuga mbwa mmoja jike aliyeelezwa katika barua ya tarehe fulani, kwa masharti yaliyomo katika barua hiyo, ambayo imeambatishwa na ni sehemu ya mkataba huu. Ruhusa ni ya mbwa huyo tu na haihamii kwa mnyama mwingine." Saini mbili, shahidi mmoja kila upande, nakala mbili. Kama mkataba wenu wa kwanza ulipigwa muhuri serikali ya mtaa, nyongeza nayo ipelekwe huko. Mkataba ukihuishwa, hakikisha nyongeza imetajwa katika mpya, maana ruhusa iliyoambatishwa kwenye mkataba uliokwisha inaweza kuhesabiwa imekwisha nao.

Hali yako ina jambo jingine ninalopaswa kukushauri, ingawa hukuliuliza. Ungekuwa unaomba kwa ajili ya mbwa mzima wa mwaka mmoja au miwili, aliyekwisha kuzoea kukaa ndani na kubana mkojo, kazi ya kumshawishi mzee ingekuwa nusu. Tabia yake ingekuwa inajulikana na uzito wake ungekuwa huo huo unaouona. Ungeweza hata kumleta aliyemlea aeleze alivyoishi naye. Mtoto wa mbwa anapendeza, lakini kwa mwenye nyumba ni ahadi tupu mpaka miezi sita ipite. Kama hujaufunga moyo kwa huyu mmoja, lifikirie.

Na mzee akikataa? Muulize kwa adabu ni jambo gani hasa, kwa sababu mengine yana jibu. "Majirani" ina jibu, unaweza kumpa muda awasikilize. "Mke wangu anaogopa" ina jibu la kuonana na mbwa nje ya geti, akiwa mikononi mwako. Lakini akisema hapa ni nyumbani kwangu, naswali hapa na sitaki mbwa, hilo halina jibu, na ukiendelea kubembeleza utaharibu mwaka na nusu wa ujirani mwema. Mshukuru na uache. Kama mbwa ni lazima kwako, tafuta nyumba nyingine mkataba huu ukikaribia kuisha, na safari hiyo uulize kuhusu mbwa kabla ya kulipa kodi. Ukihamia jengo lenye wamiliki wengi, kila mmoja na flati yake, ujue ruhusa ya mwenye flati haitoshi: chama cha wamiliki huwa na kanuni zake chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, nazo zinambana hata yeye.

Kuna mambo ambayo barua na maelezo yangu hayatoshi. Nenda kwa daktari wa mifugo kabla ya kumchukua, ampime, akupe ratiba ya chanjo na dawa za minyoo, na uulize ofisi ya mifugo ya manispaa utaratibu wa kumsajili. Mbwa akimng'ata au kumkwaruza mtu, hata mtoto wa jirani na hata kama amechanjwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe chini ya uangalizi wa daktari kwa siku kumi. Mwambie mzee wewe mwenyewe, saa hiyo hiyo.

Mkikosana kuhusu amana au mzee akikutaka uhame katikati ya mkataba, anza kwa mwenyekiti wa mtaa au baraza la kata, ambako mengi huisha kwa mazungumzo. Yakishindikana, mgogoro wa pango unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kabla ya kufungua shauri mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na mkataba, nyongeza, risiti ya amana na zile picha. Mzee akileta karatasi ya kusaini yenye maneno usiyoyaelewa, mpe wakili aisome kwanza. Kusoma ukurasa mmoja hakumchukui muda mrefu.